Sare ya familia: angalieni shingo kabla ya kununua kitambaa

Familia nyingi zikija kwetu kushona sare ya siku ya ukoo kukutana, kitambaa huwa kimeshachaguliwa. Kuna mtu alikiona dukani, akakipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, wote wakajibu "kizuri". Shida hujitokeza siku ya kujaribisha nguo. Dada anang'aa, kaka yake amefifia kama mtu aliyeamka na homa, na babu haijulikani uso wake umeishia wapi na shati limeanzia wapi. Kitambaa ni kilekile, nyuso ndizo si moja.

Baada ya kushona sare nyingi tumegundua kwamba rangi humkubali au kumkataa mtu kwenye eneo dogo tu, kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Mwanga hugonga kitambaa kilicho karibu na uso ukarudi juu, na unaporudi hubeba rangi ya kitambaa hicho. Sketi na suruali ziko mbali, haziugusi uso. Kwa hiyo mwili wa nguo unaweza kuwa rangi moja kwa ukoo mzima, na shingo ikabadilika kufuatana na mvaaji.

Shangazi mmoja alituletea orodha ya watu 19: wanawake 8, wanaume 5, watoto 5 na mtoto mchanga wa miezi 8. Alitaka buluu nzito, wote, kuanzia juu mpaka chini. Hatukumkatalia. Tulimwomba tu atuletee watu watatu: mweusi kuliko wote katika familia, mweupe kuliko wote, na mmoja wa maji ya kunde. Ukishawaona hao watatu, waliobaki wote wako katikati yao.

Tuliwakaliza mmoja mmoja karibu na dirisha mchana, taa zimezimwa, uso hauna vipodozi, kipande cha kitambaa kimetandazwa kuanzia chini ya kidevu mpaka mabegani. Hapo wengi hukosea kwa kuangalia kitambaa. Angalia uso. Rangi ikimkataa mtu, vivuli chini ya macho huongezeka, midomo hupauka, na jicho lako hukimbilia nguo kabla ya mtu. Ikimkubali, unaona macho yake kwanza.

Kisha tukampiga kila mmoja picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Ukiondoa rangi, kinachobaki ni wepesi na uzito wake, na hapo ndipo ukweli hujitokeza. Kwa mjomba aliye mweusi zaidi, buluu nzito na shingo yake vilikuwa kivuli kimoja. Kichwa kilionekana kama kimewekwa juu ya giza. Kwa binamu mweupe buluu hiyohiyo ilikaa vizuri sana, ila tulipomjaribisha rangi ya maziwa, yeye ndiye aliyepotea. Shangazi alikuwa pia na wazo la manjano kali kwa watoto. Tulipoliweka chini ya kidevu cha yule binamu, unjano ulipanda mpaka mashavuni, akaonekana mgonjwa. Mjomba alipolijaribu likampendeza, lakini sare haishonwi kwa ajili ya mtu mmoja, tukaliacha.

Tulimaliza na rangi tatu. Buluu nzito ikabaki mwili wa kila nguo. Rangi ya matofali yaliyopauka, ambayo uzito wake uko katikati, ikawa kola na kipande cha kifua kwa watu weusi na maji ya kunde. Binamu mweupe na wenzake wakabaki na buluu mpaka shingoni, wakapewa matofali kwenye mkanda na pindo la mikono. Maziwa yakawa utepe mwembamba tu kwa kila mtu. Hapa shangazi alitaka mashati meupe kabisa kwa wanaume, tukamweleza kwa nini hapana: nyeupe ikiwa nyingi kwenye picha, kamera hupunguza mwanga ili isiungue, na nyuso nyeusi ndizo zinazozama.

Hesabu ya kitambaa ilikuwa hivi, kwa upana wa sentimita 115. Magauni 8 kwa mita 3.5 ni mita 28. Mashati 5 ya mikono mifupi kwa mita 2 ni 10. Watoto 5 kwa mita 1.5 ni 7.5, na mtoto mchanga nusu mita. Jumla ni mita 46. Kabla ya kununua tulikata kipande cha sentimita 100, tukakifua na kukipiga pasi, kikarudi sentimita 96. Maana yake, ili upate mita 46 baada ya kufua unahitaji karibu 48. Tukanunua 50, zile mbili za ziada zikiwa za fundi kukosea au mtoto kurefuka. Kitambaa cha pamba hufuliwa kwanza, hukatwa baadaye. Ukipindua utaratibu huo, nguo itarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Mita zote zitoke rola moja, au rola zilizotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Tuliwahi kuchukua rola mbili ambazo chini ya taa za duka zilikuwa pacha. Tulipozitoa nje juani, moja ilikuwa na ukijani. Ni kosa letu, hatukuzitoa nje kabla ya kulipa. Ikibidi kutumia rola mbili, usizichanganye kwenye nguo moja, na watakaovaa rola tofauti wasisimame bega kwa bega. Jamaa walio mbali tumewaomba wasinunue kwa kufuata picha, maana kila simu ina buluu yake. Tunawatumia kipande halisi, hata cha ukubwa wa kiganja.

Umri nao una mambo yake. Bibi haifikii zipu ya mgongoni, kwa hiyo gauni lake hufunguliwa mbele kwa vifungo vikubwa anavyoweza kuvishika. Mtoto mchanga anavaa pamba laini yenye vifungo vya kubana kati ya miguu, ili abadilishwe nepi bila kuvuliwa nguo yote. Watoto wanaokua tunawapima mwisho, wiki 2 au 3 kabla ya siku yenyewe, na tunaacha sentimita 5 ndani ya pindo. Kama kitambaa ni cha maua makubwa, usimkatie mtoto wa miaka 3, kwani ua zima halitoshi kifuani pake na kitakachobaki ni vipande visivyoeleweka. Mpe rangi tupu iliyomo ndani ya yale maua.

Ukija kwetu, njoo na orodha ya watu na umri wao, na picha tatu za kando ya dirisha kama tulivyoeleza hapo juu, moja kwa kila rangi ya ngozi. Kitambaa usinunue bado. Tutakukatia vipande vya kujaribisha, uende navyo nyumbani, uviweke chini ya kidevu cha mjomba wako mchana, kisha uturudishie vile ambavyo uso wake ulivikubali.