Watu wanaangalia kazi zako, mbona hawaandiki?

Wateja wetu wengi hapa Lubumbashi wanatuletea lalamiko lilelile: tovuti iko, picha ziko, watu wanaingia, lakini telefoni iko kimya. Mara nyingi shida iko kwenye ukurasa wa "Mawasiliano". Mgeni anakuta fomu inayomwomba anwani ya imeili, na yeye imeili yake hajaifungua tangu alipoiandikisha.

Tuchukue seremala wa Katuba. Mtu ameona kabati lake Facebook, amebonyeza kiungo, amefika kwenye tovuti. Hamu yake iko kwenye kabati lile, kwa hiyo kitufe cha WhatsApp kikae palepale chini ya picha, pamoja na vipimo na bei ya kuanzia. Usiifiche bei, anayeogopa kuuliza huondoka bila kuaga.

Kila kazi iwe na kiungo chake, chenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=Jambo%20fundi%2C%20nimeona%20kabati%20la%20milango%203
```

Mgeni akibonyeza, WhatsApp inafunguka na maneno yamo, kilichobaki ni kutuma tu. Ile %20 ni nafasi kati ya maneno, na %2C ni koma. Fundi naye anajua mara moja ni kabati gani linaulizwa, hana haja ya kujibu "Kitu gani?" na kumpoza mtu.

Kosa tunalolikuta kila mara ni namba. Baada ya 243 zinafuata tarakimu 9 bila ile sifuri ya mwanzo, na alama ya + haiwekwi. Ukiiweka sifuri hiyo, mgeni anaambiwa namba hiyo haiko WhatsApp, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuja. Jaribu kitufe kwa telefoni ya mtu mwingine, tena kwa mega za kawaida, si kwa waifai ya ofisini. Utaona pia kama picha zinachelewa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na mega 5. Ipunguze ifike chini ya kilobaiti 200.

Sasa ameandika. Bado ni mpita njia. WhatsApp ina orodha ya matangazo, ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, lakini unawafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye telefoni zao. Kwa hiyo jibu la kwanza, baada ya salamu na bei, liombe hivi: "Hifadhi namba hii, nikimaliza kabati jingine nikutumie picha." Muulize jina na komine anayokaa, umwandike hivyo kwenye telefoni yako. Yule asiyenunua leo, usimtumie tangazo kila siku. Atakufungia, na huyo harudi tena.