Kuhusu jina la duka lako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa shemeji. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mwalimu wetu, lakini barua yako imenishtua: umesema mchoraji wa mabango anaanza kazi Jumatatu, na jina la duka lako la kopi na intaneti ni "Upeo Teknolojia". Nakuomba umsimamishe kwanza.

Mpita njia akisoma jina hilo hatajua unafanya nini. Nilipokuwa na duka lenye jina la aina hiyo, watu waliniletea simu zilizovunjika vioo, huku mwanafunzi mwenye cheti mkononi akipita mlangoni akiuliza kopi zinatolewa wapi. Hakuna anayesema anakwenda kutafuta teknolojia. Husema anakwenda kutoa kopi, kuprinti au kuingia intaneti, na maneno hayo ndiyo yanayopaswa kuwa juu ya mlango. "Saiba" peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa mwenye haja ya kopi hudhani mna kompyuta tu.

Usikimbilie pia kuandika huduma zote. Kanuni ya wachoraji ni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi. Kama mtu yuko ng'ambo ya barabara, mita 15 kutoka kwako, herufi zako zinahitaji kimo cha sentimita 12 au 13. Bango lako lina upana wa mita 2.4, kwa hiyo "KOPI NA INTANETI" itaenea kwa nafasi. Ukipanga intaneti, kopi, kuprinti, skani, laminesheni na kuchapa barua katika mstari mmoja, herufi zitabaki na kimo cha sentimita 5 hivi, na msomaji atazitambua akiwa mita 6, yaani karibu ameshapita. Orodha hiyo iweke mlangoni, ambako mtu husimama.

Nirudi kwenye jina lenyewe. Wateja watakutumia nyaraka kwa baruapepe ili uwaprintie, na utaitaja anwani yako kwa mdomo mara nyingi kila siku. "Teknolojia" wengine wataiandika kwa g, wengine kwa ch, na barua ya maombi ya kazi ya mtu itapotea siku ya mwisho ya kuipokea. Chagua neno fupi linaloandikwa kama linavyosikika, kwa mfano Nyota, kisha chini yake, kwa herufi kubwa kulizidi, "Kopi na Intaneti". Maneno ya huduma pekee hayatakutofautisha na jirani atakayefungua kesho.

Je, jina umeshalisajili, au bado? Mchoraji ameshalipwa? Na ukimwonyesha shemeji jina hilo kwenye karatasi kwa sekunde tatu tu, kisha ukaificha, atasema duka linauza nini? Nijibu kabla ya Jumatatu.

Wako daima.