Barua kwa mwanangu: Sohila si ya kusikiliza ukiwa umejifunika

Nakuru, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Juzi jikoni, tulipokuwa tukichambua mchele, ulisema jambo ukapita nalo haraka, nami nikanyamaza kwa kuwa nyanya yako alikuwa amekaa pale. Ulisema siku hizi Sohila, sala yetu Masingasinga ya kabla ya kulala, unaisikiliza kwenye simu. Unajifunika blanketi, unaiwasha, na kabla haijafika kwenye ile ya mbingu na taa usingizi umeshakuchukua. Ulisema kwa furaha, kama mtu aliyepata dawa. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Alhamisi uwanja wa ndege patakuwa na mizigo na machozi, hatutaweza kuongea, kwa hiyo nakuandikia.

Sohila haikuwekwa mwisho wa siku ili ikubembeleze. Pitia shabad zake zote tano, nyimbo zake takatifu, hutapata mstari hata mmoja unaoomba usingizi mtamu wala kufukuza ndoto mbaya. Ni wimbo wa harusi, mwanangu. Na bibi harusi hasinzii watu wakimwimbia.

Wewe ulifundishwa sauti. Baba yako alikukalisha magotini, ukakariri kama ulivyokariri Japji, sala ya asubuhi, nami nilikuwa nikijivuna mbele ya kina mama wa gurudwara, hekalu letu, kwa namna ulivyotamka. Maana yake hukufundishwa. Aliyefundishwa maana ni mimi. Nilipoolewa sikujua Kipunjabi wala herufi za Gurmukhi, na kila usiku niliketi kando ya mume wangu nikisikia maneno yakipita. Nikamwambia, siwezi kusujudia nisichokielewa. Akanunua daftari la buluu, akaiandika Sohila yote kwa herufi zetu hizi, na pembeni ya kila mstari akaweka Kiswahili chake cha gereji. Nimekutolea nakala. Imo ndani ya bahasha hii.

Tazama ukurasa wa kwanza. Sohila ni shabad tano, ziko ukurasa wa 12 na 13 wa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu ambacho kwetu ndiye Guru, mara tu baada ya zile za jioni. Tatu za kwanza ni za Guru Nanak, ya nne ni ya Guru Ram Das, ya tano ya Guru Arjan. Kwenye ile ya kwanza kuna mstari usemao, "Sambat saha likhia, mil kar pavo tel." Baba yako aliandika pembeni: mwaka na siku ya harusi vimeshaandikwa, njooni pamoja mmimine mafuta mlangoni. Ni desturi ya huko kwao Punjab, bibi harusi akiletwa nyumbani mafuta humiminwa kwenye kizingiti. Anayesema hapo ni bibi harusi mwenyewe. Anawaambia wenzake, nibarikini nikakutane na Bwana wangu. Kisha unakuja mstari unaonitetemesha hadi leo: mwaliko huu unafikishwa nyumba kwa nyumba, kila siku watu wanaitwa, basi mkumbuke yule anayeita, kwa maana siku hiyo inakuja.

Sasa umeona harusi hiyo ni ipi. Kulala ni kuiachia siku iende. Tunalala bila hati ya kuamka. Ndiyo maana maneno haya yakawekwa hapo na si mahali pengine. Alfajiri unasoma Japji na nyingine za asubuhi ili uianze kazi ukiwa na Jina la Mungu mdomoni. Jua likizama unasoma Rehras, mwili umechoka, akili imetapakaa, inabidi uikusanye. Usiku, kazi zote zimeisha, linabaki moja tu, kujitoa. Rehat Maryada, kanuni zetu za mwenendo, ile iliyopitishwa Amritsar mwaka 1945, inaitaja Sohila kwa maneno machache tu, usiku kabla ya kulala. Hailazimishi urefu wala sauti nzuri. Ukisoma polepole ni dakika tano au sita, nusu ya muda unaotumia kuangalia video za mpira.

Kuna mahali pengine inaposomwa, nawe unapajua. Moto wa mazishi ukishashika vizuri, giani, msomaji wetu wa maandiko, huanza Sohila. Siku ile ulikuwepo, umesimama pembeni ya baba zako wadogo, sitaieleza. Nitasema tu kwamba nilipoyasikia maneno ya chumbani kwetu yakisomwa pale, kwa mwendo uleule, nilikasirika. Niliona kama nimeibiwa. Daftari hili lilikaa miaka miwili chini ya mashuka ya wageni, na ndiyo miaka miwili ambayo wewe ulikuwa unalala na simu kifuani. Hukuniuliza, nami sikusema. Kwa hiyo najua simu haikujipeleka yenyewe kitandani kwako.

Kilichonirudisha ni Makindu. Tulilala pale tukitoka Mombasa, wewe ulikuwa shule. Ile gurudwara iliyojengwa 1926 na Masingasinga wa reli bado inampa msafiri yeyote chakula na kitanda, nami nilikuwa nimechoka, nikaenda kukaa nyuma ukumbini wakati wa kufunga. Giani alisoma Sohila, wakaomba Ardas, dua ya pamoja. Kisha akaifunga Guru Granth Sahib taratibu, kwa mikono miwili, kama unavyofunga mlango chumba chenye mtoto aliyelala. Akaifunika kwa kitambaa cha ndani, akaizungushia rumala, kitambaa chake cha heshima, akaikunja pembe moja moja. Mzee mmoja akaweka kitambaa kichwani, akatwikwa, tukasimama na kumfuata hadi chumba cha kupumzikia, ambako kitanda kilikuwa kimetandikwa na blanketi limewekwa. Nilisimama mlangoni nikilia. Guru mwenyewe analazwa kwa maneno haya. Mume wangu alilazwa kwa maneno haya. Sikuwa nimeibiwa chochote. Nilikuwa nimepewa maneno yaleyale wanayopewa wote.

Basi sitaki uyasikie ukiwa nusu umekwenda. Nataka uyasome kwa mdomo wako.

Fanya hivi. Nawa mikono, uso na miguu. Funika kichwa, hata kama umeshafungua kilemba, patka ndogo inatosha. Keti. Nasema keti kitandani, usilale na mto. Simu iweke mbali ambapo huifikii. Soma kwa sauti unayoweza kuisikia mwenyewe, hata kama ni ya kunong'ona, kwa sababu kusoma kwa macho peke yake huruka mistari. Ukimaliza, zima taa, usirudi kwenye simu "kidogo tu". Kama unataka kujipima kama ulisoma au ulipitisha tu, jiulize ulikuwa wapi ulipopita "ha-umai". Mimi mara nyingi najikuta nimefika mwisho na nilikuwa nikihesabu deni la duka. Hapo narudia ile moja tu iliyonipita, sirudii zote.

Neno hilo limo kwenye ile ya nne, ile yenye mwiba. Inasema mtu amebeba mwiba wa umimi ndani, na kila anavyotembea ndivyo unavyomchoma. Daftarini baba yako hakuandika maelezo yoyote hapo. Alichora mwiba.

Unayosinzia kabla hujaifikia ni ya tatu, na ndiyo inayonisikitisha zaidi uikose. Inasimuliwa kwamba Guru Nanak alikuwa Puri, kwenye hekalu la Jagannath, makuhani wakizungusha sinia lenye taa mbele ya sanamu, naye akasema aarti yake mwenyewe, yaani ibada ya taa. Mbingu ndiyo sinia, jua na mwezi ni taa, nyota ni lulu zilizotapakaa, upepo unaotoka kwenye misandali ni ubani, misitu yote ni maua. Kule Birmingham unakokwenda utakuwa chumba cha ghorofani chenye dirisha moja. Isome ukiwa umelikabili hilo dirisha. Huhitaji sinia.

Uliniuliza pia kuhusu zamu za usiku, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa bado nina uchungu wa ile habari ya simu. Nimemuuliza giani wetu. Anasema Sohila inafuata kulala, haifuati saa ya ukutani. Ukitoka kwa wagonjwa wako saa moja asubuhi, ukafika chumbani, ukala, ukavuta pazia saa tatu, basi huo ndio usiku wako, isome hapo. Japji isome ukiwa kwenye mapumziko ya alfajiri kama wanakupa, la sivyo ukiamka. Rehras ndiyo itakayokusumbua. Hapa Nakuru jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima, hujawahi kulifikiria. Huko mwezi wa Desemba litazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi wa Juni utalingoja hadi saa tatu na nusu usiku. Tazama dirishani. Na usije ukazisoma Rehras na Sohila mfululizo ili umalize zote upesi. Najua utajaribu, wewe ni mtoto wa kubana muda tangu darasa la kwanza.

Ile ya mwisho, ya Guru Arjan, inazungumza kwa lugha ya biashara. Umri unapungua mchana na usiku, nunua kile kilichokuleta sokoni, jipatie faida hapa ndipo uondoke. Nyanya yako huupenda mstari huo kuliko yote kwa sababu ya miaka yake ya dukani. Unakwenda kutafuta pesa, sikukatazi, na ile ada ya chuo ulivyoimaliza kwa jasho lako bado nawaambia watu. Lakini usomapo hapo uvute pumzi kwanza.

Gutka, kile kitabu chako kidogo cha sala, usiiweke kwenye sanduku kubwa na viatu. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, imefungwa kitambaa kisafi, na chumbani itafutie rafu ya juu. Sanduku lisizidi kilo 23, nimelipima mara mbili, na ukiongeza lile koti la baba yako litapita, kwa hiyo livae. Achari ya embe nimeifunga kwa nailoni tatu. Usiifungue njiani.

Fundi wa tangi anakuja Jumanne, kwa hiyo Jumatatu usiku jaza ndoo zote kabla hujatoka na rafiki zako. Mpangaji wa chumba cha nyuma hajalipa, usimdai wewe, niachie mimi. Taa ya veranda imeungua tena.

Nyanya yako ananiita mara ya pili sasa. Ameshanawa miguu, ameketi kitandani na dupata kichwani, anasema haanzi bila mimi na mimi naandika barua. Njoo chumbani kwetu kesho usiku, na keshokutwa, na Jumatano. Acha simu mezani. Tutasoma watatu, wewe utatangulia kwa kuwa una sauti.

Mama yako