Karata Uliyoikataa

Shoga yangu Mwanaidi,

Picha uliyonitumia ya karata zako za taroti nimeipata, na ujumbe wako wa sauti wa dakika sita nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nakaanga vitunguu. Unasema Nne ya Sarafu imeangukia upande wa Hamadi, kwa hiyo ni bahili, tena ana mambo anayokuficha. Ungenieleza kwa mdomo tu ningekuamini. Bahati mbaya umepiga picha. Hebu ikuze, utazame chini ya hiyo Nne, karata ya kushoto: kikaratasi chako kinachungulia pale, na kimeandikwa MIMI. Halafu unaniambia eti ulianza kupanga kutoka kulia!

Usinune. Karata hii kila anayeangukiwa nayo huisukumia kwa mwenzake, na mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo, nitakueleza. Kwanza itazame upya, uache ule mstari wa kijitabu unaosema "ubahili". Pakiti niliyokutumia ni ile iliyotoka London mwaka 1909, michoro ya Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya mwandishi A. E. Waite. Waite mwenyewe aliielezea karata hii kwa maneno machache: uhakika wa mali, kung'ang'ania ulicho nacho, zawadi, urithi. Habari ya moyo uliofungwa wasomaji wameitoa zaidi kwenye picha, na picha hiyo ukiikalia inasema mengi.

Mtu amevaa taji, amekaa kwenye kiti cha jiwe, mji mzima uko nyuma yake na yeye ameupa mgongo. Sarafu moja iko juu ya kichwa. Moja ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Mbili amezikanyaga, moja kila mguu. Sasa fanya hivi, usione haya, hakuna anayekuona: kaa kwenye kigoda, weka sahani kichwani, nyingine ikumbatie kifuani, mbili zikanyage. Halafu mwambie mdogo wako akuletee kikombe cha chai. Utakipokeaje? Ukinyoosha mkono, ya kifuani inaanguka. Ukiinama, ya kichwani inaanguka. Ukisimama umfuate, za miguuni umeziacha. Mtu huyu hajaibiwa kitu, lakini hawezi kupokea chochote.

Sasa tazama karata uliyoiweka kwenye YEYE. Ni yule mpanda farasi wa Vikombe, farasi wake anatembea taratibu, na mkononi ameshika nini? Kikombe, amekinyoosha mbele. Wewe mikono imejaa, yeye anakuja na kikombe. Karata hizi mbili zikikaa pamoja hivyo sihitaji kijitabu.

Mimi sarafu huzisoma kwa mahali zilipokaa. Ya kifuani ni hisia zilizofichwa. Za miguuni ni kile unachokikanyaga kisisogee, na kwenye mapenzi kitu hicho mara nyingi ni mtu mwenyewe. Ya kichwani ni fikra isiyokupa nafasi ya kuwaza jingine. Wewe zote unazo, mwenzangu. Hamadi akienda Pangani kikazi unataka akutumie lokesheni, na ikikatika kwa ajili ya mtandao tu, siku hiyo hamlali. Hiyo ni ya miguuni. Lakini mwaka wa pili huu hajui kwamba uliwahi kuchumbiwa, mahari ikapokewa na kurudishwa. Hiyo ni ya kifuani. Unaona ni mambo mawili tofauti, moja la wivu na moja la usiri, kumbe ni mtu mmoja kakaa kwenye jiwe moja. Asiyetaka kuonekana ndani ndiye anayetaka kumwona mwenzake kila dakika.

Na kwa nini? Jibu limo kwenye karata yako ya katikati, ile uliyoiruka kabisa kwenye maelezo yako. Tano ya Vikombe: mtu wa joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vilivyosimama viko nyuma yake, hajageuka. Kilicho kati yenu si ubahili wa Hamadi wala mwanamke wa Pangani. Ni ile mahari iliyorudi. Katikati pangekuwa na Ibilisi, wale wawili waliofungwa minyororo shingoni, ningeisoma Nne yako kwa ukali zaidi, kama mtu anayemtawala mwenzake, na ningekupigia usiku ule ule. Ingekuwa Nne ya Fimbo, ile yenye mashada ya maua na watu wanaoshangilia, ningesema labda ni watu wanaolinda nyumba wanayoijenga. Karata hii peke yake haijui kama unaogopa, unatawala, au umejiwekea tu mipaka baada ya kuumizwa. Jirani zake ndio wanaosema.

Wengine huuliza: ingetoka kichwa chini je? Hapo kuna ubishi. Wapo wanaosema mikono imelegea, wapo wanaosema imekaza zaidi. Mimi huangalia jirani hao hao, nisipoelewa nanyamaza.

Sasa yangu. Miaka ile niko na yule wa kwanza huku Leeds, nilijitandikia nikapata Nne hii hii kwenye nafasi yangu, nikasema waziwazi kwamba ni yeye, maana alikuwa anauliza maswali mno: uko wapi, umerudi saa ngapi. Wakati huo tulikuwa pamoja mwaka na nusu, na funguo za chumba changu sijampa. Alikuwa akija anabonyeza kengele, mvua inanyesha, na mimi nashuka ngazi polepole. Funguo ya ziada ilikuwepo, ilikuwa kwenye droo ya vijiko, nimeifunga kitambaa. Siku tulipoachana hakulia wala hakugomba. Aliuliza jambo moja tu, kama funguo hiyo niliwahi kumchongeshea mtu mwingine. Sikumchongeshea mtu. Ilikuja na chumba. Ndipo nikaitoa ile karata tena nikaiweka mezani nikaitazama vizuri, nimechelewa.

Jambo jingine, na hili nakusema kweli: usitandike tena kwa swali lile lile. Najua umeshafanya, kwa sababu kwenye kona ya picha kuna karata mbili zaidi zimelala kifudifudi. Kuongeza karata mpaka utakayoitaka itoke ni kukumbatia sahani nyingine. Na usiziulize Hamadi ana nini moyoni. Hazijui. Mimi sipigi ramli na sitaki uanze kuniita mganga. Ni picha, zinakuonyesha umekaaje, basi. Kama Pangani kuna mtu au hakuna, hilo utamuuliza Hamadi.

Na ukimuuliza, usianze na Pangani. Anza na ile mahari. Si lazima umwage yote siku moja. Mwambie kulikuwa na uchumba, ulivunjika, na tangu hapo simu isipopokelewa tumbo linakukata. Kisha siku moja akisafiri usiombe lokesheni, siku moja tu, uone usiku utaupitaje. Huenda vibaya. Unipigie basi, mimi saa zangu ziko nyuma yenu, nitakuwa macho.

Nasikia mjomba kapata nafuu, mpe pole yangu. Mama msalimie sana, na karata uzirudishe kwenye kopo la biskuti kabla hajaziona, nisije nikalaumiwa mimi kwa kukupotosha.

Wako,
Rehema