Kabla hujaingia katika chumba cha mtihani

Ndugu yangu mpendwa,

Pole sana kwa msiba wa baba. Dada yako ndiye aliyenipa habari jana usiku, naye akaongeza jambo lililoninyima usingizi: kwamba umeazimia kutoka mazikoni na kwenda moja kwa moja kufanya mtihani wa Alhamisi. Nakusihi usiingie kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Katika vyuo vingi, mtu akishaketi na kuanza kuandika huhesabiwa kuwa amekiri kwamba anaimudu kazi ile. Mimi niliingia nikiwa na homa, nikaandika kurasa mbili, nikatoka. Nilipoomba nifikiriwe, nilijibiwa kwamba saini yangu imo katika orodha ya mahudhurio. Daktari niliyemwendea siku tano baadaye hakuweza kuandika zaidi ya kwamba mgonjwa anaeleza kuwa alikuwa na homa, na cheti cha namna hiyo, kinachorudia tu maneno ya mgonjwa, hakikunisaidia chochote.

Kwa hiyo, omba kuahirisha leo, wakati mtihani bado haujafika. Iandikie ofisi ya mitihani na umpe nakala mkuu wa idara, ukitaja namba yako ya usajili, tarehe ya kifo na ya mazishi, na uhusiano wako na marehemu. Aya moja yatosha, wala huna haja ya kuusimulia uchungu wako. Orodhesha kila mtihani kwa jina, msimbo na tarehe yake, kwa maana ombi linalotaja ule wa Alhamisi pekee halitaugusa wa Jumatatu.

Cheti cha kifo huchelewa, na wengi hupitwa na muda wa maombi wakikisubiri. Usikisubiri. Ambatanisha kibali cha mazishi au taarifa ya hospitali, kisha uandike wazi kwamba cheti kitafuata. Kwa kuwa jina lako la mwisho si la baba, weka pia nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Anayepeleka ombi asiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Neno moja nakuomba usiliache: omba mtihani maalumu utakaohesabiwa kuwa jaribio la kwanza. Ukiandikiwa mtihani wa marudio, mara nyingi alama zako hazitavuka ile ya kufaulu tu, hata ukijibu vizuri namna gani, kana kwamba ulishindwa. Na ukijibiwa kwa mdomo kwamba umekubaliwa, dai jibu la maandishi.

Je, kanuni za chuo chako zinatoa siku ngapi, na zinahesabiwa tangu mtihani au tangu msiba? Kibali cha mazishi kiko kwa nani? Dada anaweza kukupelekea ombi kesho asubuhi, au nije mimi? Na wewe mwenyewe, umepata kulala?

Wako akupendaye