Barua ya wazi kwa vijana wa Tabora mnaolisha nyumba kwa mshahara mmoja

Mwangaluka, wanangu.

Nawaandikia ninyi madereva, mafundi, walinzi na makarani wa chama chetu cha kusaidiana hapa Ng'ambo, pamoja na yeyote wa Isevya, Cheyo au Kiloleni ambaye mwisho wa mwezi nyumba nzima inamtazama yeye. Kwenye kikao kilichopita mlikubaliana kuongeza mchango wa msiba. Sina neno na hilo. Ila nilisikiliza mpaka dua ya kufunga, sikusikia mtu akiuliza: mwenzetu akiugua akalala kitandani mwaka mzima, yu hai lakini hana mshahara, watoto wake watakula wapi? Wa msiba tunamchangia, tunamzika, tunarudi makwetu. Aliyepooza anahitaji chakula kila siku, na wote waliokuwa wakimtegemea bado wapo.

Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa karatasi za mishahara, kwa hiyo nitaliongelea hili upande ninaoujua: pesa inakatika lini, na kwa utaratibu gani.

Jambo la kwanza ni chanzo cha maradhi yenyewe. Ukiumia kazini, au ukipata ugonjwa uliotokana na kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo usikubali ukatwe kwenye mshahara wako. Mfuko unagharimia matibabu, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda unakulipa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Kinachowaponza watu ni ukimya. Mtu anateleza kwenye ngazi ya lori la tumbaku, kiuno kinauma, anachuliwa nyumbani, wiki ya tatu hawezi kuinuka, na ajali haikuandikwa popote. Mwambie msimamizi siku hiyohiyo, hakikisha imeandikwa, na umtaje aliyeshuhudia. Dai likipita miezi 12 tangu ajali itokee, umelikosesha nguvu mwenyewe.

Lakini wengi wetu hatupigwi chini na ajali za kazini. Ni presha, sukari, figo, saratani. Hayo yakikukuta, fidia ya kazini haikuhusu, na kadi ya bima ya afya nayo inamlipa mwenye hospitali, haikulipi wewe. Hapo ndipo nataka tukae.

Tumchukue dereva mwenye mshahara wa 600,000 kwa mwezi. Ana mke, watoto wanne na mama yake mzazi. Mchango wake wa NSSF ni 60,000, kodi kwa viwango vya sasa ni 24,000, na mkopo wa benki aliojengea vyumba viwili unakatwa 150,000. Anapeleka nyumbani 366,000. Jumapili moja anaamka mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mdomo umepinda. Kiharusi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata analipwa nusu. Ayatazame mambo mawili hapa. Malipo hayo yanataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, na mwajiri asiyeletewa cheti halazimiki kulipa. Pia siku alizougua mwaka jana au mwaka juzi ndani ya mzunguko huohuo zinahesabiwa. Kama aliwahi kulazwa wiki mbili kwa malaria kali, hana 126 tena.

Miezi miwili ya mwanzo nyumba haihisi kitu, ndiyo maana watu wanajisahau. Mwezi wa tatu unaingia na nusu mshahara: 300,000. NSSF inachukua 30,000, kodi hakuna kwa sababu kipato kimeshuka. Mkopo je? Mkopo haujui nusu. Unakata 150,000 zilezile. Kinachofika nyumbani ni 120,000, yaani theluthi ya alichozoea, siyo nusu yake. Nimeona wake za watu wakija dirishani wakidhani karani kawaibia. Ni hesabu tu, na ukiiona mapema unaweza kwenda benki kuomba marejesho yapunguzwe kabla mwezi huo haujafika. Mwezi wa tano hakuna kitu kabisa.

Wakati huo mwajiri anaweza kuanza kumwita. Sheria inamruhusu kusitisha ajira kwa sababu ya afya, ila kwa utaratibu: aangalie ugonjwa ni wa kiasi gani, ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyepesi ya kumpa. Kosa kubwa ni mgonjwa kuandika barua ya kuacha kazi kwa hiari kwa kuona haya, au kwa kuambiwa kwamba hivyo ndivyo atakavyolipwa haraka. Ukiandika kwamba umeacha kwa hiari, umeifuta kwa mkono wako sababu ya ugonjwa. Mke wa mgonjwa ajue hili, maana karatasi kama hizo hupelekwa kitandani.

Sasa pensheni ya ulemavu. NSSF wanayo, na haidai kwamba uliumia kazini. Inadai bodi ya madaktari ithibitishe kwamba umepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wako wa kupata kipato, na inadai michango: ama miezi 180, ama angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya miezi iliyotangulia tu kabla ya kuugua. Hiyo 12 ya mwisho ndiyo inayowaangusha wenye waajiri wakorofi. Kwenye slipu umekatwa kila mwezi, kumbe mwajiri hajapeleka tangu msimu uliopita. Slipu haikuoneshi hilo. Taarifa ya michango kutoka NSSF ndiyo inayoonesha, na inaombwa ukiwa mzima. Ukikuta mapengo, peleka slipu zako ofisini kwao mapema, wamfuate mwajiri. Na hata kila kitu kikiwa sawa, kati ya kuugua na kupata pensheni ya kwanza kuna miezi ya vyeti na vikao, kisha pensheni yenyewe ni ndogo kuliko mshahara.

Basi tulijue pengo kwa tarakimu. Tuseme dereva wetu pensheni inaanza baada ya mwaka. Mwezi wa tatu na wa nne amepungukiwa 246,000 kila mwezi, jumla 492,000. Kuanzia wa tano hadi wa kumi na mbili amekosa 366,000 mara nane, yaani 2,928,000. Tumefika 3,420,000. Mkopo nao kwa miezi hiyo minane ni 1,200,000. Ongeza nauli za kwenda Bugando na kurudi, yeye na wa kumsindikiza. Anahitaji kama milioni tano na nusu ili watoto wabaki shuleni na kiwanja kisiuzwe. Ndiyo namba ya kwenda nayo kwa watu wa bima. Wakala akikuanzia na milioni hamsini, mrudishe kwenye namba yako, maana bima ya hamsini utailipia miezi sita uiache.

Inayoziba pengo hili ni bima ya magonjwa makubwa, inayotoa fedha kwa mkupuo ukithibitika una ugonjwa ulioorodheshwa, na mara nyingi inauzwa kama nyongeza kwenye bima ya maisha. Kwa kikundi kama chetu huwa nafuu kuliko mtu mmoja mmoja. Lakini msisaini kabla ya kusoma maana ya kila ugonjwa. Kiharusi kwa kawaida kinalipwa kikiacha udhaifu wa kudumu, kile kinachopita ndani ya siku moja hakimo. Saratani iliyogunduliwa changa kabisa mara nyingi haimo. Figo zinalipwa zikishafeli kiasi cha kuhitaji kusafishwa damu. Kuna siku za kusubiri tangu kujiunga, mara nyingi 90, ambazo ukiugua ndani yake hulipwi, na kuna sharti la kuishi siku kadhaa baada ya ugonjwa kuthibitishwa.

Kwenye kipengele cha ulemavu tafuteni maneno haya: mkataba unasema usiweze kufanya kazi yako, au kazi yoyote? Dereva aliyepoteza nguvu ya mkono hawezi kuendesha lori, ila kampuni inaweza kusema anaweza kukaa getini akaandika namba za magari. Kwa mkataba wa "kazi yoyote", halipwi. Kwa dereva na fundi, tofauti hiyo ndiyo bima yenyewe.

Halafu fomu. Inauliza kama una presha au sukari, na wakala mwenye haraka anakwambia jaza hapana, mambo yatakwenda. Sina ugomvi na mawakala, wanatafuta riziki, ila siku ya dai kampuni itaomba faili lako la hospitali. Wakikuta ulikuwa ukichukua dawa za presha kabla ya kujiunga, wanakataa dai, na wana haki. Andika ndiyo. Watakuongezea malipo au watautoa ugonjwa huo, lakini utajua unacho nini. Kampuni na wakala wawe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ikibidi kulalamika, TIRA wanapokea malalamiko.

Bima ya mkopo nimeiacha mwisho kwa sababu karibu nyote mnayo bila kujua. Ulipokopa ulikatwa kiasi cha bima. Muulize afisa mikopo: inalipa kwa kifo tu, au na ulemavu wa kudumu pia? Kama ulemavu umo, milioni moja na laki mbili za dereva wetu zinatoka kwenye hesabu. Jueni tu kwamba fedha hiyo inakwenda benki, haipiti mezani kwenu.

Kikao kijacho kila mmoja aje na slipu ya mwezi uliopita, taarifa ya michango na mkataba wa mkopo, na wenye wake waje nao. Tutapiga hesabu ya pengo kwa kila nyumba, nyumba moja baada ya nyingine, kisha katibu apeleke jumla kwa kampuni zisizopungua tatu, na kila moja ituletee mkataba wenyewe tuusome, siyo kipeperushi.

Babu yenu, karani mstaafu
Ng'ambo, Tabora