Nataka salamu zipungue kundini, ila nisionekane nina kiburi

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Newala. Nina miaka 36 na shamba dogo la mikorosho. Wenzangu walinipa uadmini wa kundi letu la WhatsApp la wakulima kwa sababu tu najua kuchapa haraka. Tulianza watu 40, leo tuko 312, na wengi wao ni wakubwa kwangu: baba wadogo, mashangazi, wakwe, mpaka mwalimu wangu wa darasa la pili.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri picha zinaanza kumiminika. Waridi jekundu, kikombe cha chai kinachofuka, njiwa wawili, dua. Ijumaa ndiyo usiseme. Nyingi zina ile mishale miwili juu, kwamba zimeshazungushwa mara nyingi, na sidhani kama anayezituma huwa amezisoma. Juzi Jumatano tulitakiwa Jumapili njema.

Ningevumilia, ila mwezi wa sita yalinikuta. Saa 12:40 asubuhi nilitangaza kwamba salfa imefika ghalani na mwisho wa kuchukua ni kesho yake saa sita mchana. Kufika saa tatu, baada ya tangazo langu kulikuwa na jumbe 91, na 58 kati ya hizo ni picha. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani hakuliona. Mikorosho yake ilikuwa imeshatoa maua, na wewe unajua ubwiriunga haungoji mtu. Ule unga mweupe ukishakamata maua, yanakauka na korosho hazishiki. Alipopata salfa ya kuazima, wiki nzima ilikuwa imepita. Aliponiona sokoni alisema, "Mwanangu, simu yangu ilijaa maua, ya mikorosho nikayakosa." Alicheka. Mimi sikuweza.

Nikaandika sheria: salamu na picha marufuku. Watu 9 walijitoa siku hiyo hiyo, na shemeji yangu akaniuliza mbele ya watu kama cheo kimenipanda kichwani. Kumbe neno "marufuku" kwa watu wazima ni sawa na kuwafungia mlango.

Nikabadilisha mipangilio, wakawa wanaoandika ni maadmini tu. Kukawa kimya kweli, lakini mtu mwenye swali kuhusu dawa hana pa kuuliza, na salamu zote zikahamia kwangu binafsi. Siku ya nne nikafungua. Nilijaribu pia kufuta picha moja moja. Tatizo ni kwamba picha ikifutwa inabaki alama kuwa admini ameifuta, kila mtu anaiona, na kama ilikuwa na dua unaonekana umefuta dua. Tangazo nalibandika juu siku 7, sawa, ila wazee wengi hawaugusi ule mstari mwembamba.

Kilichonifanya nikuandikie wewe badala ya kufunga tena ni jambo moja. Kuna bibi anaishi peke yake, kila alfajiri anaandika kwa mkono wake, "Mmeamkaje wanangu." Mwezi wa saba alikaa kimya siku mbili. Jirani yake alishtuka kwa sababu ya ule ukimya, akaenda kugonga, akamkuta ana homa kali. Tangu hapo siwezi tena kusema salamu ni uchafu. Salamu ya bibi yule ni habari. Waridi lililotoka kundi jingine likapita makundi kumi halina habari ya mtu yeyote, na ndilo linalokula bando na kujaza simu.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Salamu za maandishi ziendelee mpaka saa mbili asubuhi. Mzee mmoja anayeheshimika aanze, wengine wamjibu kwa kubonyeza ujumbe wake na kuweka kialama cha mkono au moyo, ambacho hakiongezi ujumbe mwingine. Matangazo yote niyatoe baada ya saa mbili. Picha za kuzungushwa zipelekwe kundi la pili la soga. Ninachoogopa ni kwamba kundi la soga tulishawahi kulifungua, na watu wakawa wanatuma picha ile ile kote kuwili.

Naomba unishauri mambo mawili. Hili nilitamke mimi, au nimwombe yule mzee aliyekosa salfa alisimulie mwenyewe kwa sauti yake? Nahisi akisema yeye hakuna atakayenuna, lakini sitaki aonekane nimemtuma. Na baba yangu mdogo, ambaye peke yake hutuma picha sita kila asubuhi na ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, nimwendee nyumbani kabla ya tangazo, au nikae kimya naye ajionee kundini?

Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi matangazo yatakuwa ya kila siku, kwa hiyo usikawie kunijibu.

Admini wa Newala